Mkataba wa mpishi Dubai: mshahara upi unahesabiwa?

Mkataba wa kazi hapa Imarati huandikwa kwa Kiarabu na lugha nyingine, mara nyingi Kiingereza, na zikipingana, Kiarabu ndicho kinachoshika. Mpishi aliyesoma upande mmoja tu anaweza kutia sahihi jambo ambalo hajaambiwa. Ndiyo maana kila ninapoombwa kukaa katikati ya mpishi wetu na mwajiri wake, huanza na swali moja: hapa wanazungumzia mshahara upi?

Karatasi ina mishahara miwili. Kuna wa msingi, na kuna wa jumla, yaani msingi pamoja na posho za nyumba, usafiri na kadhalika. Kijana mmoja wa Tanga, mchoma nyama, aliniletea mkataba wa dirham 3,000. Msingi wake ulikuwa 1,800. Mwenye mgahawa, Msyria mmoja mpole, alikuwa amemwambia ovataimu italipwa kama sheria inavyosema, na kijana akafurahi. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani.

Sheria ya kazi namba 33 ya mwaka 2021 inasema saa ya ziada hulipwa kwa mshahara wa msingi, ikiongezwa si chini ya asilimia 25. Tukakaa tukapiga hesabu. Dirham 1,800 ukigawa kwa siku 30, kisha kwa saa 8, unapata 7.50 kwa saa. Ongeza robo yake, inakuwa 9.375. Kwa saa mbili za ziada kila siku, siku 26, ni dirham 487.50. Kijana alikuwa ameshapanga matumizi kwa kugawa ile 3,000, akapata 812.50. Tofauti ya 325 kila mwezi, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Baada ya hapo akauliza habari za usiku, maana jiko lile hufunga saa nane usiku. Saa za ziada kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri huongezwa asilimia 50, lakini wanaofanya kazi kwa zamu hawamo katika kifungu hicho. Nikamwambia bosi, kwa Kiarabu, aandike wazi kama huyu ni wa zamu au la. Akaguna, akaandika. Saa za mapumziko nazo hazihesabiwi kuwa kazi, kwa hiyo mpishi anayeingia asubuhi, akatoka mchana na kurudi jioni asijumlishe tangu mlango ulipofunguliwa. Na ukipewa cheo cha usimamizi chenye mamlaka ya mwajiri, unaweza kutolewa kabisa katika vifungu vya saa za kazi. Wapishi wakuu wengi hukiona cheo, hilo hawalioni.

Kwenye notisi mambo yanageuka. Ukishamaliza majaribio, notisi ni kati ya siku 30 na 90, kama mkataba ulivyosema, na upande wowote ukikatisha bila kuitimiza humlipa mwenzake mshahara wa muda huo. Huo ni mshahara kamili wa mwisho, si wa msingi. Kwa kijana wetu, mwezi mmoja ni 3,000. Bosi alidhani atalipa 1,800. Nikamrudisha kwenye kifungu.

Majaribio hayazidi miezi sita, na mwajiri huyohuyo hawezi kukuweka kwenye majaribio mara mbili. Akitaka kukuachisha ndani ya muda huo, akupe notisi ya maandishi ya siku 14 au zaidi. Wewe ukitaka kurudi nyumbani, notisi ni siku 14 vilevile. Ukitaka kuhamia mgahawa mwingine humuhumu nchini, ni mwezi mzima. Ukiondoka nchini bila kufuata utaratibu, kibali kipya cha kazi unaweza kukikosa kwa mwaka mmoja.

Hapo bosi aliuliza lililokuwa likimkera tangu mwanzo: “Nimemlipia viza na tiketi. Akihamia kwa jirani yangu mwezi wa pili, namkata mshahara?” Nikamjibu hapana, gharama za kumleta haruhusiwi kumtoza mfanyakazi, wazi wala kwa mlango wa nyuma. Anayemfidia ni mwajiri mpya, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Nikamgeukia kijana, nikamwambia hilohilo kwa Kiswahili, na sikupunguza lile la mwezi mmoja wa notisi, ingawa aliniangalia kana kwamba nimehamia upande wa pili.

Kisha kijana akaomba neno moja la nyongeza, “Kaka, mwambie saa tuziandike kila siku, tutie sahihi sote wawili.” Bosi akakubali bila kubisha, akaagiza daftari.