Sumaku Mkononi: Nilivyopanga Vyombo vya Jiko la Induksheni

Nasimamia jiko la nyumba ya wageni hapa Malindi. Mwenye nyumba alipoondoa jiko la gesi akaweka la induksheni, pamoja na oveni na mashine ya kuoshea vyombo, nilivitoa vyombo vyote kabatini na kuandika daftarini kipi kinafaa wapi.

Jiko la induksheni halina moto wake. Koili iliyo chini ya kioo hutengeneza uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi, na kitako cha chombo ndicho kinachopata joto, mradi kiwe cha chuma kinachovutwa na sumaku. Kwa hiyo sufuria zetu za alumini, ambazo ndizo nyingi, zilikataliwa zote, pamoja na vyungu vya udongo na bakuli za kioo. Kikaango cha chuma cha kusubu na sufuria za enameli vilikubaliwa mara moja.

Stenlesi ndiyo iliyonisumbua. Zilizopigwa mhuri wa 18/10 zina nikeli, na kwa kawaida sumaku haishiki ubavuni mwake, lakini baadhi zimeongezewa bamba la chuma kitakoni. Niligusisha sumaku katikati ya kitako cha sufuria moja ya sentimita 26, ikashika, nikaiandika kuwa inafaa. Siku ya kwanza kuipikia wali wa nazi, msaidizi wangu alifunua akaniita: “Dada, mbona katikati umeungua na pembeni ni mchele?” Nilipoitembeza sumaku kutoka katikati kwenda ukingoni, iliachia baada ya sentimita 8 tu. Bamba lilikuwa na upana wa sentimita 16, na nje ya hapo kitako hakikupata joto la kutosha. Tangu hapo daftari langu lina safu ya upana wa eneo linaloshika sumaku, kwani upana wa sufuria peke yake hautoshi.

Sufuria za alumini zisizo na vishikio vya plastiki nilizihamishia kwenye oveni, na mkate wa kumimina huiva humo vizuri sana bila kupaliwa makaa juu na chini. Kosa likawa kuzitia kwenye mashine ya kuoshea. Sabuni yake ina alkali kali, nayo pamoja na maji ya moto hula utando unaoilinda alumini, hivyo zilitoka zimefifia na kuwa za kijivu cheusi. Sasa zinaoshwa kwa mkono, sawa na kikaango cha chuma cha kusubu, ambacho mashine hukivua mafuta yaliyokikolea kikashika kutu, na vyungu vya udongo, ambavyo hunywa sabuni. Stenlesi na kioo cha oveni huingia mashineni bila wasiwasi.

Ile sufuria ya sentimita 26 sikuitupa. Ina vishikio vya stenlesi, kwa hiyo sasa inaokea samaki katika oveni.