Kumbukumbu ya mradi: grafu ya CH3NC imekubali, ila kwa s ya 6 au 7

Imekubali! Nilitaka programu ndogo ya kuhesabu jinsi konstanti ya kasi, k, ya methili isosianidi, CH3NC, inavyoshuka shinikizo likipungua, kisha niitazame kando ya vipimo vya Schneider na Rabinovitch vya mwaka 1962. Nimeichagua CH3NC kwa sababu ni safi: kundi la methili linahama kutoka kwenye nitrojeni kwenda kwenye kaboni, unapata CH3CN, basi. Hakuna vipande vinavyokimbia huku na huku kuanzisha minyororo ya mimenyuko mingine ya kukuharibia hesabu.

Hatua za Lindemann, za mwaka 1921, mnazijua. Molekuli A inagongana na molekuli yoyote, M, inapata nishati na kuwa A*. Kisha ama A* inagongwa tena na kupoa, ama inageuka kuwa zao kabla ya kugongwa. Shinikizo likiwa kubwa, migongano ni mingi kiasi kwamba idadi ya A* inabaki kwenye msawazo wake. Kinachochelewesha kazi ni A* kugeuka, na hilo halijali shinikizo, kwa hiyo k haibadiliki. Shinikizo likiwa dogo sana, karibu kila A* inageuka kabla ya kukutana na mtu wa kuipoza. Hapo kinachochelewesha ni kupatikana kwa hiyo A*, yaani mgongano wenyewe, na k inashuka sambamba na shinikizo. Mmenyuko wa daraja la kwanza umekuwa wa daraja la pili.

Kimaneno inapendeza. Shida ilianza nilipoiwekea namba.

Kwenye nyuzi 230 za Selsiasi, yaani kama 503 K, nimetumia nishati ya kuamsha, E, ya kilokalori 38.4 kwa moli na kizidishi cha Arrhenius, nacho kinaandikwa A, cha 4×10^13 kwa sekunde. E/RT inatoka 38.4 pia, kwa bahati tu, kwa kuwa RT hapo ni karibu kilokalori 1 kamili. Konstanti ya shinikizo kubwa inakuwa takriban 8.5×10^-4 kwa sekunde. Kwa kipenyo cha mgongano cha nanomita 0.45, kila molekuli inagongwa kama mara milioni 8.8 kwa sekunde kwenye mmHg 1.

Sasa jiulize: k inafika nusu ya thamani yake ya shinikizo kubwa kwenye shinikizo gani? Kwa Lindemann mtupu ni A gawanya kwa migongano ya mmHg 1, ambayo inatoa zaidi ya mmHg milioni 4. Hizo ni kama angahewa 6,000! Vipimo vinasema nusu inafikiwa kwenye makumi kadhaa tu ya mmHg. Tofauti ya karibu mara laki moja hairekebishwi kwa kuchezea kipenyo cha mgongano. Hata ukikiongeza maradufu, unapata mara nne tu.

Hinshelwood aliliona tundu hilo miaka michache baadaye. exp(-E/RT) peke yake inahesabu nishati ya kugongana uso kwa uso, kana kwamba molekuli haina kitu ndani. Molekuli ya atomi sita ina namna 12 za mtetemo, na nishati inaweza kukaa imegawanyika humo kwa njia nyingi. Ukiruhusu namna s, idadi ya A* inazidishwa kwa (E/RT)^(s-1)/(s-1)!. Kwa s=5 hiyo ni kama 90,000, na nusu inaangukia karibu mmHg 50. Nilifurahi kwa muda mfupi.

Kwa nini muda mfupi? Kwa sababu nusu iko mahali pake lakini umbo la grafu limekataa. Chora 1/k dhidi ya 1/p: kwa Lindemann na kwa Hinshelwood lazima upate mstari ulionyooka, uchague s yoyote utakayo. Vipimo halisi vinapinda, na ukiunyoosha mstari kutoka upande wa shinikizo dogo unakosea k ya shinikizo kubwa. (Kwa jambo hili msitumie lahajedwali. Mhimili wa logi wa kwenye lahajedwali umenitesa vya kutosha, na mpindo wenyewe unajificha pale pale unapoutafuta.)

Kosa liko kwenye kudhani kwamba A* zote zinageuka kwa kasi moja. Iliyovuka kizingiti kwa kidogo tu inasubiri sana mpaka nishati ijikusanye kwenye kifungo kinachohusika. Yenye ziada kubwa haisubiri. Rice na Ramsperger, na Kassel kwa upande wake, waliliweka hilo mwaka 1927 na 1928: kasi ya A* yenye nishati E ni A((E-E0)/E)^(s-1), ambapo E0 ni kizingiti na A ni kile kizidishi cha Arrhenius. Shinikizo likishuka, za juu ndizo zinazokwisha kwanza, kwa sababu zinageuka haraka kuliko migongano inavyoweza kuzirudishia. Za chini bado ziko kwenye msawazo. Kila kiwango cha nishati kina shinikizo lake la kuanza kuanguka, kwa hiyo anguko la jumla linatandazika.

Kiini cha programu ni hiki tu:

```python
from math import exp, factorial
from scipy.integrate import quad

A, b, w = 4e13, 38.4, 8.8e6   # b: E0/RT; w: migongano kwa sekunde kwa mmHg 1; x: nishati ya ziada juu ya kizingiti, kwa RT

def uwiano(p, s):
    def f(x):
        kasi = A * (x/(b+x))**(s-1)
        return x**(s-1) * exp(-x) / (1 + kasi/(w*p))
    return quad(f, 0, 60)[0] / factorial(s-1)
```

Kwa s=6 nusu inakuja karibu mmHg 150, kwa s=7 karibu 45. Vipimo viko katikati. Ila kilichonifurahisha zaidi ni umbo. Shuka hadi sehemu ya kumi ya shinikizo la nusu: Lindemann anabakiza 0.09 ya k ya juu, Kassel kwa s=6 anabakiza karibu 0.19. Panda mara kumi juu ya nusu: 0.91 dhidi ya kama 0.83. Huo ndio mpindo niliokuwa nautafuta.

Hesabu hii inadhani gesi imejaa M pekee, bila kuta. Maabara, ukishuka mno, molekuli inagonga kioo mara nyingi kuliko inavyogonga mwenzake, na k inaacha kushuka kama inavyotakiwa. Kulijua hilo, jaza vipande vya kioo ndani ya chombo; k ikibadilika, ni kuta. Na ukiongeza gesi isiyomenyuka, k inapanda tena, ushahidi kwamba kilichopungua ni migongano.

Nilikuwa nimepanga hatua inayofuata iwe heliamu, ambayo kila mgongano wake unabeba nishati kidogo kuliko ule wa CH3NC na nyingine, kwa hiyo unahitaji heliamu nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Nimeiweka pembeni. Kinachoniwasha sasa ni hiyo s: namna 12 za mtetemo, mbona 6 au 7 tu ndizo zinazofanya kazi? Mtetemo wa kifungo cha C-H uko karibu 3,000 kwa sentimita, na kT, yaani nishati ya joto, hapo ni kama 350 tu, kwa hiyo hupokei nishati kidogo kidogo, unapokea mafungu makubwa au hupokei kabisa. Mtetemo wa kupinda wa C-N-C uko chini ya kT na unapokea kwa raha. Kwa hiyo s ni kiraka kinachoficha kwanta. Marcus alikiondoa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kuhesabu viwango vyenyewe, kimoja kimoja. Nimeshafungua faili jipya la kuvihesabu.