Dakika kumi mbele ya jopo, na chupa mbili za chanjo

Barua ya kuitwa kwenye usaili imenitaka nieleze mradi mmoja niliowahi kuufanya. Nimepewa dakika kumi, kisha maswali. Nafasi yenyewe ni ya kusimamia mnyororo baridi wa chanjo, yaani kuzitunza na kuzisafirisha zikiwa kwenye ubaridi unaotakiwa, ngazi ya mkoa, kwa hiyo mradi sikuutafuta mbali. Nitaeleza ule wa zahanati za nyanda za juu kusini, ambako chanjo ziliganda usiku huku daftari la joto likionyesha kwamba mambo ni shwari. Jioni za wiki hii nimekuwa nikizipanga dakika hizo, na leo nimeona niandike nilikofikia.

Mawazo ya kwanza yanayomjia mtu ni kuusimulia mradi tangu ulipozaliwa: nani aliufadhili, ulihusu vituo vingapi, malengo yake yalikuwa yapi. Ukifanya hivyo, dakika nne zimekwisha na jopo bado halijajua wewe ulifanya nini. Hawa watu hawaajiri mradi. Wanataka kujua nitakavyofikiri siku jokofu litakapokuwa mikononi mwangu. Kwa hiyo nimeuchukua uamuzi mmoja tu niliofanya katika mradi ule, nikaupa nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote, nao unaanza kabla ya dakika ya tatu.

Dakika ya kwanza ni picha moja. Chupa mbili za penta, chanjo ya watoto inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, ziko mezani, zote za bechi moja. Moja imegandishwa makusudi kisha ikayeyushwa, halafu zote mbili zimetikiswa na kuachwa zitulie. Katika ile iliyoganda, chembe zinashuka upesi na maji ya juu yanabaki angavu, ilhali weupe wa chupa ya pili bado umetanda chupa nzima. Nitasema kwamba chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, kwamba ikiganda huharibika, na kwamba ile alama ya mraba ndani ya duara kwenye lebo hubadilika rangi kwa joto tu. Haisemi lolote kuhusu kuganda. Mtoto anaweza kuchomwa chanjo iliyokufa, mama yake akarudi nyumbani ameridhika. Jambo hili huniuma mpaka leo, na sitaki kulificha mbele ya jopo.

Inayofuata ni dakika moja na nusu ya kueleza tulivyogundua. Joto huandikwa kwa mkono asubuhi na jioni, na saa hizo jokofu linaweza kuwa na nyuzi 4 au 5. Shida hutokea saa nane za usiku. Tulipoweka ndani ya majokofu vile vifaa vidogo vinavyorekodi joto mfululizo na kutunza kumbukumbu ya siku 30, kengele ya baridi ilijitokeza. Huwaka joto likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri na kukaa hapo kwa saa nzima.

Halafu ndipo penye kiini cha mazungumzo, dakika tatu na nusu. Wengi tuliokuwa mezani walitaka tuombe majokofu mapya. Mimi nilipendekeza tusubiri mwezi mmoja, tusome kumbukumbu za kila kifaa, tuangalie kila jokofu limepangwaje, ndipo tuamue. Sababu yangu nitaieleza kwa jokofu moja tu. Umeme ulikatika muda mrefu, uliporudi mhudumu akageuza kitufe cha baridi mpaka juu ili chanjo zipoe haraka, kikabaki hapohapo. Kipupwe kikaingia, usiku wa huko ukawa wa baridi kali, na penta zilikuwa zimepangwa chini kabisa, mahali penye baridi zaidi katika jokofu linalofunguka kwa juu. Jokofu lilikuwa zima. Tulirudisha kitufe mahali pake, penta zikapanda kwenye vikapu vya juu, surua na polio ya matone zikashuka chini kwa sababu hizo huvumilia baridi. Kengele ya jokofu lile ikanyamaza.

Kaka yangu ni mhasibu, hajui chanjo hata kidogo, nami nimemfanya jopo langu. Alinisikiliza hadi mwisho akauliza, "Mdogo wangu, sasa hayo majokofu mlinunua au hamkununua? Na wewe hapo ulikuwa unafanya nini?" Maswali yote mawili yamebadilisha mpango. Jibu la kwanza nimelipandisha, linasemwa mara tu baada ya uamuzi: tuliomba machache, kwa vituo ambavyo majokofu yake yalishindwa hata baada ya kupangwa upya. La pili nimeligawa kwa uaminifu. Wahudumu wa zahanati ndio waliopanga upya na kusimamia kila siku. Mratibu wa wilaya ndiye aliyepata usafiri. Mimi nilisoma kumbukumbu za vifaa kila mwezi, nikaandika pendekezo na kulitetea. Kusema "tulifanya" kuanzia mwanzo hadi mwisho ni adabu nzuri kwa wenzako, lakini jopo litashindwa kujua linamwajiri nani.

Dakika mbili za matokeo ndizo zilizonichukua muda mrefu zaidi kuzipanga. Njia rahisi ni kuonyesha kengele za Julai kabla ya marekebisho, kisha za Novemba baada yake, na mchoro ungependeza sana. Lakini Novemba huko ni joto, kengele zingepungua hata kama tusingegusa kitu. Kwa hiyo nalinganisha kipupwe na kipupwe kilichofuata, kituo kwa kituo, na vituo ambavyo kifaa kilikufa betri katikati nimevitoa pande zote mbili. Mchoro umepungua uzuri. Mtu yeyote wa jopo aliyewahi kukaa huko ataelewa mara moja kwa nini nimefanya hivyo, na asiyewahi nitamweleza kwa sentensi moja.

Dakika ya mwisho nasema ambacho hakikutatuliwa. Mhudumu akihamishwa, anayekuja hukikuta kitufe na mazoea ya zamani, na hakuna aliyemwelekeza. Hapo ndipo naunganisha na nafasi ninayoiomba, kwa sababu makabidhiano ya jokofu ni kazi ambayo msimamizi wa mkoa anaweza kuiwekea utaratibu.

Ukijumlisha, ni dakika tisa. Moja nimeiacha wazi, maana flashi hukataa, projekta husumbua, na mwenyekiti anaweza kukatiza kwa swali. Kwenye karatasi yangu nimezungushia mstari sehemu ya vifaa vya kurekodi. Nikiona muda umebana, naifupisha kwa sentensi mbili bila kuharibu mengine.

Kilichoniuma kukiacha ni habari ya barafu za kwenye kibebea chanjo. Zikitolewa kwenye friza na kuwekwa moja kwa moja kando ya penta, huigandisha njiani. Inabidi ziachwe nje mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Ni jambo kubwa, lakini lina uamuzi wake na ushahidi wake, na lingekula dakika tatu. Nimeliwekea slaidi baada ya ile ya mwisho, pamoja na jedwali la gharama. Wakiuliza kuhusu usafirishaji, ninayo. Kesho nachapisha slaidi zote kwenye karatasi, nakala moja kwa kila mjumbe, umeme ukikatika tuendelee.