Kilo 84 zilizogeuka 168

Jumatatu asubuhi mama mmoja kutoka Kibosho alifika ofisini kwetu hapa Moshi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizi kilo 168 nimezitoa wapi, mbona kahawa niliyoleta ni kilo 84?" Nilipofungua kumbukumbu za programu niliyoiandika mwenyewe, niliona faili lile lile la mapokezi ya kahawa limesomwa usiku wa kuamkia Jumapili na tena usiku wa kuamkia Jumatatu, mara zote mbili bila kosa lolote, kwa sababu programu husoma kila inachokikuta kwenye folda na sikuwa nimeiagiza popote iweke alama kwamba faili limekwisha kushughulikiwa.

Sasa programu hulihamisha faili kwanza kutoka kwenye folda hiyo, ndipo inalisoma:

```
mv foleni/mapokezi.csv kazini/
```

Hata hivyo, kuhamisha peke yake hakutoshi, maana programu ikizimika katikati (na umeme wetu mnaujua) na mtu akalirudisha faili kwenye foleni, mistari iliyokwisha kuingia itaingia tena. Kwa hiyo nimeiambia hifadhidata isikubali namba moja ya stakabadhi mara mbili. Jana nilirudisha faili la zamani kwa makusudi, na mistari yake yote ikakataliwa.