Laini Mwanza, simu Mbagala: nilivyoirudisha WhatsApp yangu

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani Mbagala. Vipimo vya wateja naandika kwenye daftari, lakini mitindo, picha za vitambaa, tarehe za kuchukua nguo na nani kalipa nusu, vyote viko WhatsApp. Kwa hiyo Ijumaa ile nilipopapasa mkoba pale mtaa wa Uhuru, Kariakoo, nikakuta zipu iko wazi na simu haipo, sikuililia simu. Niliwaza sare za harusi ya watu kumi na wanne.

Ilikuwa kama saa nane mchana. Nilijipa moyo kwamba simu ina pateni, kibaka hataifungua. Kweli hakuifungua, na wala hakuhitaji. Alichomoa laini akaipachika kwenye simu nyingine, akaingiza namba yangu WhatsApp, meseji yenye zile namba sita ikaja kwenye laini ambayo sasa anayo yeye, akaingia. Saa kumi mwenyekiti wa kikoba chetu akampigia jirani yangu: "Mwambie mwenzio mbona anaomba laki moja na nusu, tena kwenye namba ya mtu mwingine?"

Watu waliniuliza sana kama huyo tapeli alisoma chati zangu. Hakuzisoma. Chati hazikai kwenye laini, wala hazikai kwa WhatsApp zikimsubiri yeyote anayeingia. Zinakaa ndani ya simu, na kama umeweka nakala ya akiba, hii tunayoiita bakap, nyingine inakaa kwenye Google Drive ya Gmail yako. Aliyeingia na namba yangu kwenye simu yake alikuta ukurasa mweupe. Ila magrupu yalikuwepo, maana orodha ya magrupu inakwenda na namba. Hakuona yaliyoandikwa zamani, lakini aliona majina ya wanachama, na hao ndio aliowaandikia. Na kila ujumbe ulioingia baada ya hapo ulifika kwake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani nikifunga laini nimemaliza. Hata kuifunga kwenyewe kulikuwa kazi, kwa sababu laini haikuwa ya jina langu. Wale wa Tanzania mnakumbuka Januari 2020, laini zote zilitakiwa zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na tarehe 20 ndiyo ilikuwa mwisho kabla ya kuanza kuzimwa. Mimi namba ya NIDA sikuwa nimepata. Mdogo wangu alikuwa nayo, akaweka kidole chake, maisha yakaendelea. Nikasahau kabisa kwamba kisheria namba ile ni yake. Nilipopiga huduma kwa wateja kwa simu ya jirani wakaniuliza jina kamili la mwenye laini na namba yake ya kitambulisho, nikabaki nimeduwaa. Ikabidi mdogo wangu apige mwenyewe kutoka Mwanza, anakofanya kazi. Saa kumi na moja laini ikafungwa.

Saa moja usiku bado watu wanaombwa hela. WhatsApp ikishathibitisha namba mara moja, haihitaji tena laini iwe hai. Tapeli alikuwa anatumia bando la laini yake nyingine, na namba yangu imebaki jina tu. Kufunga laini kunamzuia asipokee msimbo mwingine, lakini hakumtoi aliyekwisha kuingia. Kinachomtoa ni mwenye namba kuisajili upya kwenye simu nyingine, kwa sababu namba moja haikai kwenye simu mbili kama simu kuu. Njia nyingine ni kuwaandikia barua pepe support@whatsapp.com ukiweka maneno haya pamoja na namba yako inayoanza na +255:

```
Lost/stolen: Please deactivate my account
```

Wakiizima, una siku 30 za kurudi kabla akaunti haijafutwa, na ujumbe unaotumiwa katikati hapo unakusubiri. Sikuichukua njia hiyo, maana mdogo wangu aliniahidi kwamba asubuhi angekwenda dukani kurudisha laini.

Mwanzoni nilipanga ile laini mpya aitie kwenye bahasha, ampe kondakta wa basi, nami niipokee Dar. Yeye akasema, "Dada, kwani laini lazima iwe kwenye simu yako? Si wanatuma namba sita tu? Mimi nitakusomea." Nikaona ana akili kuliko mimi.

Basi Jumamosi, laini iliposoma mtandao kule Mwanza, mimi nikiwa Mbagala na simu ya kuazima nikaweka WhatsApp, nikaandika namba yangu, meseji ikaingia kwake, akanisomea tarakimu moja moja. Namba hizo huwa simsomei mtu kwa simu, na nikiombwa nakata, maana ndivyo watu wanavyoibiwa akaunti. Safari hii mwenye kuomba nilikuwa mimi, na sauti ninayoijua tangu utotoni ndiyo inayosoma.

Msimbo ulikubali. Halafu ikatokea ukurasa unaoomba namba nyingine ya siri, tarakimu sita, ambayo sikuwahi kuiweka. Tapeli ndiye aliyeiweka. Hiyo ni hatua ya pili ya uthibitisho ambayo mimi mwenyewe nilitakiwa niwe nimeiweka siku nyingi nikaona usumbufu. Asiyeijua, na hana barua pepe iliyounganishwa nayo, anasubiri siku 7 ndipo aingie bila hiyo namba. Nilikata tamaa kabisa, mpaka nilipoelewa jambo moja: ule msimbo wa meseji ulipokubali, tapeli alikwisha kutolewa, hata kama mimi sijaingia. Kwa wiki nzima akaunti haikuwa na mtu. Walioniandikia waliona tiki moja tu, na ujumbe wao ukakaa foleni.

Wiki hiyo niliitumia kutafuta Gmail. Bakap ya WhatsApp kwenye Android inafunguka ukiwa na vitu viwili pamoja: namba ileile na Gmail ileile iliyoihifadhi. Neno la siri nilikuwa nimeliandika nyuma ya daftari la vipimo, nashukuru Mungu. Ila Google ilipoona simu ngeni ikataka kunithibitisha kwa meseji, na namba niliyokuwa nimeweka kule ni ileile iliyoibiwa. Mdogo wangu akasomeshwa tena, safari hii msimbo unaoanza na G. Kama laini ingekuwa imepotea moja kwa moja, hata hiyo Gmail ningeisikia tu.

Jumamosi iliyofuata siku 7 zikatimia. Mdogo wangu akawa ameshika simu mkononi kama msimbo utatakiwa tena. Nikaingia, WhatsApp ikasema imeona bakap, je irudishe? Hapa nilikaa vizuri kwenye kiti. Ukiruka hatua hii ukaanza upya, halafu simu ikaja kuhifadhi bakap mpya kwenye Gmail hiyohiyo, ile mpya yenye ukurasa mweupe ndiyo inayokalia nafasi ya ile ya zamani. Nikabonyeza Restore. Maandishi yalirudi kwanza, picha zikawa zinajazia taratibu jioni nzima huku zikila bando.

Lakini bakap ilikuwa ya siku 19 kabla ya wizi. Simu yangu ilikuwa imewekwa ihifadhi pale inapopata waifai tu, na mimi waifai naipata ofisini kwa dada yangu, nikienda kumsalimia. Siku zile 19 hazikuwa popote kwangu. Na zile saa za Ijumaa hadi Jumamosi ambazo tapeli alikuwa ndani, ujumbe niliotumiwa uliishia kwenye simu yake, na ukishafikishwa haufikishwi mara ya pili. Zile za wiki ya kusubiri ndizo zilizoingia zote kwa mkupuo.

Nilivyoziba pengo: chati ina nakala upande wa pili. Nikaandika kwa wateja mmoja mmoja, naomba unirudishie picha ya mtindo na makubaliano yetu ya mwezi huu. Wengi walinitumia palepale. Bibi harusi akanirushia chati nzima, na humo nikagundua nilimwambia mikono ya robo tatu, wakati kichwani nilikuwa nakumbuka mirefu.

Kilichobaki ni kuachana na namba isiyo ya kwangu. Nilinunua laini nikaisajili kwa kidole changu na NIDA yangu, nikapiga *106# kuhakikisha jina ni langu. Hapa wengi wanakosea: wanafuta WhatsApp wanaanza na namba mpya, wanakuta kila kitu kimebaki kwenye namba ya zamani. Ndani ya WhatsApp ukiwa bado umeingia kwa namba ya zamani, nenda Settings, halafu Account, halafu Change number. Unaandika ya zamani, unaandika mpya, inathibitisha mpya kwa meseji. Ya zamani haitakiwi hata kuwa na mtandao wakati huo. Chati zikabaki palepale kwenye simu, magrupu yakahama nami, kila grupu likatangaziwa kwamba nimebadilisha namba. Kwa watu binafsi inakuuliza uwaarifu nani. Mimi nilichagua wale niliowahi kuchati nao tu, kwa sababu kwenye simu nina namba za mafundi bomba na bodaboda ambao habari yangu haiwahusu.

Usiku huohuo niliweka bakap mpya, maana ile ya kwanza inaijua namba ya zamani. Na safari hii niliruhusu ipande kwa bando la kawaida bila video. Namba ya siri ya hatua ya pili nikaiweka kabla sijalala, na barua pepe yake.

Pesa ya kwenye simu ndiyo haikuhama, hiyo haijui habari za WhatsApp. Salio lilikuwa kwenye jina la mdogo wangu, akalitoa akanitumia, akakata nauli yake ya kwenda dukani bila aibu.

Nilimwomba laini ya zamani asiitupe. Laini isipotumika muda mrefu kampuni huifunga na namba ikapewa mtu mwingine, na mimi bado nilikuwa sijaiondoa benki wala shuleni kwa mtoto. Anaiweka kwenye kisimu chake cha tochi. Juzi kanipigia amechoka: "Dada, kuna mama kapiga anataka kujua kama gauni lake la kitchen party limeisha. Nimemwambia aje kesho saa tisa. Sijui nimekosea?"

Alikosea. Gauni hilo nilikuwa hata sijalikata.