Jinsi nilivyolipwa malimbikizo ya matunzo ya mtoto

Mahakama ya Watoto hapa Kenya iliamuru baba mtoto alipe Sh 12,000 kila mwezi. Kwa miaka mitatu alituma kidogo tu, kisha akanyamaza. Simu hakushika. Chifu alituita, akaahidi, hela hazikuja.

Kilichosaidia ni kurudi kwenye faili ileile ya kesi, bila kufungua mpya. Niliomba nakala ya amri iliyopigwa muhuri, kisha nikaandaa jedwali la mwezi kwa mwezi: kilichopaswa kulipwa, kilicholipwa, kilichobaki. Miezi 36 ni Sh 432,000. Nikatoa Sh 57,000 alizotuma, zote zikionekana kwenye taarifa ya M-Pesa. Deni likawa Sh 375,000. Kukiri alicholipa ndiko kulikokata ubishi, maana alipodai alinipa pesa taslimu, hakuwa na cha kuonyesha.

Jedwali niliambatanisha na hati ya kiapo, nikaomba aitwe aeleze kwa nini asifungwe jela ya madai. Nilitaja pia mwajiri wake. Hakimu aliamuru mshahara ukatwe kidogo kidogo, juu ya matunzo ya kila mwezi. Makato ya kwanza yameingia wiki hii. Kama hana mwajiri, njia hii ya mshahara haipo. Tafuta mali yake inayoweza kukamatwa.