Magunia sita yaliyorudi ghalani: nilivyoisoma video kwa picha mnato

Msimu uliopita wa korosho, katika ghala la chama cha msingi ninachokihudumia mkoani Mtwara, tulipakia lori moja kwa hati iliyoandikwa magunia 126, na mnunuzi akapokea magunia 120. Karani alisimama na daftari lake, dereva akasimama na neno lake, na mimi nikakabidhiwa video ya dakika 40 iliyorekodiwa kwa simu iliyofungwa juu ya kigingi ndani ya ghala, ikiuelekea mlango. Kwa kuwa nilikuwa nimezoea kutumia modeli ya akili bandia inayosoma picha kwa kunakili hati zilizoandikwa kwa mkono, niliona kazi hii ingeweza kufanyika kwa njia hiyohiyo.

Modeli niliyokuwa nayo haikupokea video, ilipokea picha tu. Simu ilikuwa imerekodi fremu 30 kwa sekunde, yaani fremu 72,000 kwa dakika zile 40, na hakuna aliyekuwa tayari kulipia usomaji wa picha zote hizo. Kwa hiyo nilichukua fremu moja kwa kila sekunde 10, nikapata picha 240, kisha nikaiuliza modeli kuhusu kila picha kama kuna mtu mwenye gunia mlangoni. Ilijibu ndiyo kwa picha 41.

Nilipoitazama sehemu ya video kwa macho yangu ndipo nilipoelewa kwa nini idadi ilikuwa ndogo hivyo. Kibarua mwenye gunia begani huonekana mlangoni kwa takriban sekunde tatu, kisha anapotea nje. Tukio la sekunde tatu likivuliwa kwa wavu wenye tundu la sekunde 10, linanaswa mara tatu tu katika mara 10, na mara saba zilizobaki haliachi hata alama. Modeli haikukosea kusoma picha hata moja kati ya zile nilizozikagua. Magunia mengi hayakuwamo katika picha nilizoipa.

Nikapunguza nafasi hadi sekunde moja. Sasa nilikuwa na picha 2,400, na modeli ikaona gunia mlangoni katika picha 391. Hapa kosa liligeuka upande wa pili, kwa sababu kila safari ilikuwa ikihesabiwa karibu mara tatu. Nikagawanya kwa tatu nikapata 130, na ninakiri kwamba nilifurahi, kwa kuwa namba hiyo ilikaribia sana ile ya hati, na karani alionekana kuwa na haki. Nilikuwa karibu kuiandika katika taarifa. Kilichonizuia ni swali la mhasibu wetu, mama mtu mzima ambaye hajawahi kugusa programu hizi: “Mwanangu, hayo magunia 130, yote yalikuwa yanatoka?”

Sikuweza kumjibu, na picha zangu nazo hazikuweza. Mlango ulikuwa na mwanga mkali wa mchana nyuma yake, hivyo kila kibarua alionekana kama kivuli cheusi chenye mzigo begani, bila uso wala mgongo. Katika picha moja iliyosimama, kivuli cha mtu anayetoka na kivuli cha mtu anayeingia ni kitu kilekile. Pamoja na hayo, modeli ilikuwa imeandika katika maelezo ya kila picha kwamba mtu huyo “anapeleka gunia kwenye lori.” Iliona ghala, mlango, lori na gunia, ikaandika lile ambalo kwa kawaida hutokea mahali kama hapo. Mwelekeo haumo ndani ya fremu, umo kati ya fremu na fremu, na pale ambapo haikuwa na picha, modeli ilijaza mazoea kwa lugha ya uhakika kabisa.

Kwa hiyo nilibadilisha kitu ninachokionyesha. Nilirudi kwenye kila mahali ambapo picha za kila sekunde zilionyesha gunia, nikakata sekunde nne za video, nikabakiza eneo la mlango tu ili picha isipunguzwe hadi kupoteza umbo la mzigo, nikachukua fremu mbili kwa sekunde na kuzipanga nane katika karatasi moja:

```
ffmpeg -ss 00:12:40 -t 4 -i ghala.mp4 \
 -vf "crop=600:900:660:100,fps=2,scale=320:-1,tile=4x2" \
 -frames:v 1 mlango_1240.jpg
```

Kamera ikiwa ndani ya ghala, anayetoka huzidi kuwa mdogo kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, na anayeingia huzidi kuwa mkubwa. Mtoto angeliona hilo. Lakini nilipouliza tu “Anaelekea wapi?”, modeli iliendelea kujibu kwamba anaelekea kwenye lori, na sikujua kama imeutazama mfuatano au imerudia mazoea yake. Nikafanya jaribio ambalo sasa sifanyi kazi bila hilo: nilichagua safari 20 ambazo nilikuwa nimezithibitisha kwa macho kuwa ni za kutoka, nikazigeuza kwa kuongeza `reverse` kabla ya `tile` katika amri hiyo, ili mtu aonekane akiingia. Modeli ikasema 17 kati yake zinatoka. Jibu lisilobadilika pale wakati unapogeuzwa halikutokana na mwendo.

Tiba yake ilikuwa katika swali. Niliacha kuuliza kuhusu mwelekeo. Badala yake niliitaka modeli itaje, kwa kila picha kuanzia ya kwanza hadi ya nane, kama kuna mtu, kama ana mzigo, na urefu wake ni sehemu gani ya urefu wa mlango. Mwelekeo niliutoa mwenyewe katika namba hizo. Nilipolirudia jaribio la kugeuza, zote 20 ziligeuka kama zilivyopaswa. Hesabu kamili ikawa safari 126 za kutoka na gunia, na safari sita za kuingia na gunia.

Safari mbili kati ya hizo sita zilinilazimu niitazame video yenyewe, kwa sababu vibarua wawili walipishana mlangoni, mmoja akitoka na mwingine akiingia, na kwa nusu sekunde vivuli vyao vikawa kimoja. Modeli ilitaja mtu mmoja, kisha wawili, bila njia ya kujua yupi ni yupi baada ya kuachana. Kuongeza fremu hadi 10 kwa sekunde hakukusaidia, maana wakati wa kupishana mmoja alikuwa amemficha mwingine kabisa. Aliyeingia nilimtambua kwa kandambili zake.

Jambo ambalo linaniuma hadi leo ni kwamba jibu lilikuwa katika video tangu mwanzo, katika sehemu niliyoitupa siku ya kwanza nilipoigeuza kuwa picha. Nilipoifungua sauti, nilimsikia karani akihesabu kwa sauti, na katikati ya hesabu akisema, “Hili rudisha, limepasuka,” kisha akiendelea na namba inayofuata bila kulitoa lililorudi. Nililisikia agizo hilo mara tano, kila mara sekunde chache kabla ya gunia kuingia. La sita limefunikwa na ngurumo ya lori lililowashwa, na kwa hilo ninazo picha nane tu za kivuli kinachokua.